Kipindi kimoja kwa wiki: hotuba kwa Kidato cha Tatu

Mwalimu, shikamoo. Kiranja wetu, wanafunzi wenzangu, hamjambo.

Nimesimama kutetea hoja kwamba uchambuzi wa habari uwe somo la lazima katika kila shule ya sekondari nchini. Nitaeleza kwa nini tunalihitaji, kisha kwa nini liwe la lazima na si la hiari, halafu nitawajibu wale ambao tangu jana bwenini wananiambia hoja yangu ni nzuri ila haitekelezeki.

Nianze na korosho, maana sare na madaftari ya wengi wetu humu yametoka kwenye mkorosho.

Mjomba wangu ana shamba Tandahimba. Msimu wa juzi, minada ikiwa bado haijaanza, kuna sauti ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwanamume anaongea taratibu, kama mtu wa ofisini. Anasema maghala yamejaa korosho za mwaka jana, wanunuzi wa nje wamejitoa, na atakayepeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika atasubiri malipo mpaka achoke. Mjomba aliisikiliza mara tatu, mimi nikiwa nimekaa naye barazani. Kesho yake jioni wakaja watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kinyemela nje ya chama cha msingi. Aliwauzia magunia manne kwa 1,200 kila kilo. Mnada wa kwanza ulipofanyika, bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Tuisikilize tena sauti ile, safari hii kama darasa. Msemaji hakutaja jina lake. Hakutaja ghala hata moja. Hakusema amejuaje. Juu ya ujumbe kulikuwa na vimshale viwili, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliokwisha kutumwa na kutumwa tena mara tano au zaidi, kwa hiyo hata aliyemtumia mjomba yaelekea hakumjua msemaji. Na swali lililo zito kuliko yote: habari hii ikiaminika, nani anapata? Kangomba anapata.

Mjomba si mjinga, na nisingependa yeyote amcheke. Huyu ni mtu anayeutambua ugonjwa wa ubwiri unga kwenye ua la mkorosho wakati sisi tunaona ua tu. Alifundishwa kulisoma ua. Kuisoma sauti, hakuna aliyemfundisha.

Mfano wa pili naushika mkononi. Hii ni simu ya bibi, ameniazima kwa ruhusa ya mwalimu. Ujumbe unasema: "Ile hela itume kwenye namba hii." Basi. Hakuna jina, hakuna salamu. Wengi wenu mmeshaupata. Lakini siku ulipofika kwa bibi, alikuwa kweli ana 30,000 za kumtumia mwanawe, na alikuwa anasubiri namba. Ndivyo wizi huu unavyofanya kazi: mwizi hamjui bibi yako, anatupa wavu kwa maelfu ya watu, akijua kwamba saa hiyo hiyo kuna mtu mahali fulani anasubiri namba. Ukishaelewa hilo, ujumbe unapoteza nguvu yote. Utampigia kwanza yule unayetaka kumtumia, usikie sauti yake. Na ujumbe wenyewe utaripotiwa kwenye 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo. Anyooshe mkono aliyekuwa anaijua namba hii kabla sijaitaja. Naona mikono miwili.

Kuna upande mwingine ambao watu husahau, na mimi naona ndio wenye hatari zaidi. Mtu anaweza kuumia kwa kuamini kila kitu, na anaweza kuumia kwa kutoamini chochote. Aprili 2019 tulikuwa shule ya msingi, mnakumbuka tahadhari ya kimbunga Kenneth. Watu wa Mtwara walihama maeneo ya chini. Kimbunga kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikaua watu na kubomoa nyumba huko. Mtaani kwetu nikasikia watu wazima wakisema, "Wametudanganya." Mei 2024 ilipotangazwa Hidaya, jirani yetu alicheka akasema ni hadithi ile ile. Mvua ile ilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam kule Somanga, na Kilwa watu wakaona mafuriko. Utabiri wa hali ya hewa husema kinachoweza kutokea, hautoi ahadi. Aliyefundishwa tofauti ya uwezekano na ahadi hamwiti mtabiri mwongo kwa sababu kimbunga kimepita kilomita kadhaa kusini.

Kwa nini liwe la lazima? Kwa sababu likiwa la hiari, watalichagua wale wenye simu na kompyuta nyumbani, ambao tayari wana pa kuanzia. Anayetoka kijijini, ambaye simu ya kwanza ataishika akimaliza kidato cha nne, ndiye atakayelikosa, na ndiye ataombwa na familia nzima awasomee kila ujumbe unaoingia.

Sasa majibu.

Mnasema masomo ni mengi. Ni kweli, na anayesema hivyo simlaumu. Mitihani ninaifanya pia. Lakini mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na nafasi ilipatikana kwa sababu nchi iliona umuhimu. Naomba dakika 40 kwa wiki tu. Wengine wanasema liingizwe ndani ya Kiswahili na Uraia. Hapo sikubali: kila mwalimu atadhani mwenzake amelifundisha, na kisichopimwa kwenye mtihani tunajua sote kinavyorukwa mwezi wa tisa.

Mnasema simu haziruhusiwi shuleni na kompyuta hatuna za kutosha. Leo nimetumia nini? Simu moja ya kitochi na mdomo wangu. Gazeti la zamani, redio, picha iliyochapishwa na ubao vinatosha kufundisha mwaka mzima. Uzushi wenyewe haukuanza na simu. Bibi zetu walisikia habari za mumiani kabla ya umeme kufika vijijini.

Mnasema sheria ipo. Ipo kweli: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtoza anayechapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria hufika baada ya korosho kuuzwa na hela kutumwa. Haikumrudishia mjomba gunia hata moja.

Na aliyesema somo hili litafundisha vijana kuwabishia wazee: mimi nilimwuliza mjomba, kwa adabu, "Mjomba, huyu anayeongea ni nani?" Nilimwuliza nimechelewa, magunia yalishaondoka. Aliniangalia, akasema, "Ungeuliza jana."

Ufini wanafundisha uchambuzi wa habari tangu chekechea. Sisi tunaomba kuanzia kidato cha kwanza.

Nimeandika barua kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, inayoandaa mitaala. Mwalimu ameisoma na kunisahihisha, na mkuu wa shule amekubali kuituma ikiwa na majina yetu. Iko pale mezani, na kalamu ipo juu yake. Anayekubaliana nami aje aandike jina. Asiyekubaliana, naomba aniambie sasa hivi nimekosea wapi, kabla kengele haijalia.

Naomba kutoa hoja.