Maombi ya kurekebisha barua ya dhamana ya malipo namba BDM/0147/2025

Chake Chake, Pemba
10 Juni 2025

Meneja,
Idara ya Biashara ya Nje,
Tawi la Unguja.

Bwana Meneja,

Assalamu alaykum.

YAH: ELSII NAMBA BDM/0147/2025, DOLA ZA MAREKANI 49,920, MCHELE KUTOKA KARACHI

Naandika kwa niaba ya kampuni kuomba benki yako iirekebishe barua iliyotajwa hapo juu, na ujumbe wa MT707 utoke kabla ya kufunga kazi Ijumaa tarehe 13 Juni. Mzigo umeshapakiwa na uko njiani. Muuzaji wetu ametutumia nakala za hati zake jana asubuhi, na nimekaa nazo mimi mwenyewe pamoja na mhasibu wetu, tukazisoma mstari kwa mstari pembeni ya elsii. Hazilingani mahali panne. Akizipeleka benki kama zilivyo, zitakataliwa, na kwa kanuni mtakuwa na haki ya kuzikataa.

La kwanza, na ndilo lililonikosesha usingizi, ni bandari ya kushushia. Sehemu ya 44F ya elsii inasema Dar es Salaam. Hati ya shehena inasema Zanzibar, na ndiko mzigo unakokwenda: kontena nne za futi ishirini zitashuka Malindi, kisha mchele utavushwa kwa chombo hadi Mkoani. Fomu yetu ya maombi ya tarehe 28 Aprili iliandikwa Zanzibar kwa herufi kubwa, na nakala yenye muhuri wenu wa kupokelea nimeiambatanisha. Sijui Dar es Salaam imeingia vipi baina ya fomu na ujumbe uliokwenda Karachi. Nakiri kwamba rasimu ililetwa kwetu tuipitie, na sisi tukaangalia kiasi cha fedha na jina la mnufaika, bandari ikatupita. Hata hivyo kosa limeanzia upande wenu, na naomba ada ya marekebisho ya kipengele hiki isikatwe kwenye akaunti yetu.

Bandari haiendi peke yake. Elsii inataka hati ya bima iliyoandikwa safari ya Karachi hadi Dar es Salaam. Bima aliyokata muuzaji ni ya asilimia 110 ya thamani, kama ilivyotakiwa, lakini inaishia Zanzibar, kama inavyopaswa. Mkirekebisha 44F mkaiacha bima, tutakuwa tumeziba tundu moja na kuacha jingine, kwa sababu kifungu cha 28 cha UCP 600 kinataka bima ifunike safari mpaka mahali pa kushushia palipotajwa katika elsii. Kwa hiyo naomba neno Dar es Salaam liondolewe kila lilipo, na Zanzibar iwekwe badala yake, katika 44F na katika orodha ya hati zinazotakiwa.

La pili ni letu, na tunalibeba. Maelezo ya bidhaa yanasema mapolo 2,080 ya kilo 50. Ankara, orodha ya upakiaji na hati ya shehena zinasema mapolo 4,160 ya kilo 25. Uzito ni ule ule, tani 104. Bei ni ile ile, dola 480 kwa tani pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Mchele ni ule ule mrefu mweupe wa chenga asilimia 5. Karani wetu alinakili ufungaji kutoka oda ya mwaka jana. Mwaka huu tulibadilisha kwa makusudi, kwa sababu wateja wetu wengi ni wenye maduka madogo ya Konde, Kengeja na Wete, na polo la kilo 25 mama mwenye duka analimudu kulibeba na kulilipa bila kukopa. Makubaliano ya bei tuliyotiliana saini na muuzaji yanasema kilo 25. Elsii ndiyo iliyobaki nyuma.

Ofisa wako niliyezungumza naye kwa simu jana alisema huenda ile nafuu ya asilimia 5 ya kiasi ikatusaidia hapa. Kwa heshima zote, haitusaidii. Kifungu cha 30 kinatoa nafuu hiyo pale tu ambapo elsii haikutaja kiasi kwa idadi ya vifungashio. Yetu imetaja mapolo kwa hesabu. Isitoshe, maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yawiane na yale ya elsii, na hapo mkaguzi wa hati hana pa kupenya. Naomba 45B isomeke: tani 104 za mchele mrefu mweupe, chenga asilimia 5, katika mapolo 4,160 ya kilo 25 kila moja. Kiasi cha fedha hakibadiliki hata senti, kwa hiyo amana ya asilimia 30 tuliyoweka, dola 14,976, inabaki ilivyo.

La tatu ni tarehe. Mwisho wa kupakia katika 44C ni 31 Mei. Meli ilichelewa kuingia gatini Karachi, na hati ya shehena inaonyesha mzigo uliingia melini tarehe 2 Juni. Siku mbili tu, lakini kwenye elsii siku mbili ni sawa na miezi miwili. Yupo aliyetushauri tumwombe wakala wa meli airudishe tarehe nyuma iandikwe 31 Mei, mambo yaishe kimya kimya. Nimekataa, na nimemwandikia muuzaji kwamba sitaipokea hati ya namna hiyo. Tarehe ya uongo kwenye hati ya shehena ni udanganyifu hata kama mzigo ni wa kweli, na mimi jina la kampuni hii nimelirithi kwa marehemu baba yangu. Sitaliweka chini ya karatasi ya uongo kwa ajili ya siku mbili. Naomba 44C isogezwe hadi 5 Juni 2025.

Pamoja na hilo, mwisho wa elsii katika 31D, ambao ni 21 Juni huko Karachi, usogezwe hadi 4 Julai 2025. Hapa naomba umakini wako wa pekee. Kusogeza mwisho wa elsii peke yake hakutoshi. Sehemu ya 48 inampa muuzaji siku 21 baada ya kupakia kuwasilisha hati, na kutoka 2 Juni siku hizo zinakwisha 23 Juni hata elsii yenyewe ikiishi mpaka Julai. Tafadhali 48 ibadilishwe isomeke siku 30. Mwaka juzi tulisogeziwa mwisho wa elsii nyingine bila ya kipengele hiki kuguswa, hati zikafika zimechelewa, na tukalipia gharama za kuchelewesha kontena wiki mbili nzima.

La nne ni suala la kuhamishia mzigo meli nyingine. Elsii inakataza. Hati ya shehena inasema kontena zitahamishwa Mombasa. Ofisa wako aliliandika hili miongoni mwa hitilafu, na mimi naomba lisiwemo katika marekebisho wala katika orodha ya hitilafu. Kifungu cha 20 cha UCP 600, kanuni zilizoanza kutumika 1 Julai 2007 na ambazo elsii hii imejifunga nazo, kinasema wazi kwamba mzigo uliopakiwa katika kontena, na hati ya shehena ikaonyesha hivyo, hati hiyo inakubalika ingawa elsii imekataza kuhamisha. Hati yetu imeandika namba za kontena zote nne. Kila kipengele kinachoongezwa bila ulazima ni kipengele cha kumsubiri muuzaji akikubali, na muda hatuna.

Najua kuna njia nyingine, na ofisa wako aliipendekeza kwa nia njema: tuache hati zije na kasoro zake, kisha mtuulize kama tunazikubali, nasi tujibu ndiyo. Nimeifikiria usiku kucha. Sisi tungekubali, hilo halina shaka. Lakini muuzaji hajui kama tutakubali, na benki yenu hailazimiki kufuata kukubali kwetu. Hati zenye hitilafu anazozipeleka zinamwondolea ahadi ya malipo, anabaki na matumaini. Benki yake haitampa fedha juu ya hati kama hizo, naye ametuandikia kwamba hatazitoa mkononi mpaka aone marekebisho. Ana haki. Tukitaka atuuzie tena msimu ujao, tumtendee kama tunavyotaka kutendewa.

Marekebisho yote yatoke katika ujumbe mmoja. Kwa kifungu cha 10, muuzaji hawezi kukubali nusu na kukataa nusu. Kukubali kipande kunahesabiwa kuwa kukataa. Na mpaka akubali, elsii ya zamani ndiyo inayosimama kwake. Nimeshampelekea maneno haya haya ninayokuandikia, na barua yake ya jana ya kukubali kila kimoja nimeiambatanisha. Sina budi kusema kwamba barua hiyo haichukui nafasi ya jibu lake rasmi kupitia benki yake, ila inakuhakikishia kwamba jibu halitachelewa. Masharti mengine yote yabaki kama yalivyo, pamoja na cheti cha asili ya bidhaa na cheti cha afya ya mimea, ambavyo tumevikagua na havina tatizo.

Kontena zinatarajiwa Malindi karibu na tarehe 28 Juni. Wakala wa meli ametupa siku 14 bila malipo, baada ya hapo kila kontena inatozwa kwa siku. Bila ya hati halisi mkononi wakala wetu wa forodha hawezi hata kuanza. Ujumbe ukitoka Ijumaa, muuzaji akazipeleka hati wiki ijayo, nanyi mkatumia siku zenu tano za kazi za ukaguzi, tunafika salama. Ukitoka Ijumaa ya pili, hatufiki.

Ada ya kipengele cha ufungaji na cha tarehe ikatwe kwenye akaunti yetu ya shilingi kama kawaida. Kabla ujumbe haujatumwa naomba rasimu yake iletwe kwangu kwa barua pepe. Safari hii nitaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na nitaijibu ndani ya saa moja, hata ikiwa ni usiku. Kesho nitavuka kwa boti ya asubuhi kuja Unguja. Nitakuwa mlangoni kwenu saa nane mchana nikiwa na hati zote na muhuri wa kampuni, ili kama kuna sahihi inayohitajika isisubiri siku nyingine.

Wako katika biashara,

Salma Khamis Faki
Mkurugenzi Mtendaji

Viambatanisho: nakala ya fomu ya maombi ya 28 Aprili, nakala ya hati ya shehena, ankara, orodha ya upakiaji na hati ya bima, makubaliano ya bei, barua ya muuzaji ya 9 Juni, azimio la bodi la kuidhinisha marekebisho.