GB, RAM na miaka ya apdeti: maswali tunayoulizwa kaunta

Maswali haya yanarudi kila wiki dukani kwetu hapa Makoroboi, Mwanza. Tumeyaandika ili hata ukinunua duka jingine ujue pa kutupa jicho kabla hujatoa hela.

Boksi limeandikwa "4GB + 64GB". Ipi ni ipi?

Ndogo ni RAM, kubwa ni nafasi ya kuhifadhi. Nafasi ni ya vitu vinavyokaa: picha, video, programu. RAM ni ya kazi ya sasa hivi. Ikiwa ndogo, simu hufunga ulichokiacha nyuma ili ipumue. Ndiyo maana unatoka kupiga picha ya kitambulisho, ukirudi unakuta fomu uliyokuwa unaijaza imeanza upya.

Ya pembeni yake imeandikwa "8GB", bei ileile. Si bora hiyo?

Geuza boksi usome maandishi madogo, kaka. Ukikuta "4GB + 4GB", RAM yenyewe ni nne. Nne nyingine zimekatwa kwenye nafasi ya kuhifadhi zikapewa kazi ya RAM, na hifadhi iko polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Inasaidia kidogo programu zisifungwe ovyo, basi. Kuna boksi tulilonalo kaunta, "16GB" imeandikwa kubwa kama bango la mgombea, na chini yake kwa herufi za sisimizi: 4 + 12. Mwambie muuzaji afungue Settings, kisha About phone, akuoneshe RAM bila hiyo nyongeza. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Nauza dagaa Mwaloni. Picha za mzigo na magrupu ya WhatsApp ni mengi. 64GB itanitosha?

Mama, itakubana. Android na programu zilizokuja na simu zinakula sehemu nzuri hata kabla hujaweka laini. Halafu video za kwenye magrupu zinaweza kujishusha zenyewe. Memori kadi itakubebea picha, lakini programu nyingi hubaki ndani ya simu, na apdeti ya mfumo nayo inataka nafasi humohumo ndani. Chukua 128GB hata kama kamera itakuwa ya kawaida. Kama hela haifiki, chukua 64GB yenye sehemu ya kadi, na tukuzimie kujishusha kwa video hapahapa kabla hujaondoka.

Apdeti zina faida gani? Mimi huwa nazizima, zinamaliza bando.

Ziko za aina mbili. Kuna ya kupandisha toleo la Android, ambayo ukiikosa unaweza kuishi. Kuna na ya usalama, inayoziba matundu ambayo wezi wameshayajua. Simu yenye programu ya benki na hela za wateja wako usiiache bila hiyo ya pili. Tafuta waifai, uishushe usiku.

Nimeambiwa simu ina "miaka saba ya apdeti". Nikinunua leo, ni saba kuanzia leo?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Miaka inahesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, si tangu siku ya risiti yako. Pixel 8 ilitoka Oktoba 2023 kwa ahadi ya miaka saba, kwa hiyo mwisho wake ni Oktoba 2030, uinunue mpya au iliyotumika. Pixel 5 ilitoka 2020 kwa ahadi ya miaka mitatu. Ahadi hiyo iliisha 2023, ingawa simu yenyewe bado inang'aa kwenye kioo cha duka.

Na bei kubwa si kipimo. Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024 iliahidiwa miaka sita, A06 ya mwaka huohuo miaka minne ya usalama na kupanda toleo mara mbili tu. Kwa macho zinafanana. Binafsi, mwanafunzi wa SAUT anayetaka simu ya kumfikisha kuhitimu na kuvuka ningemwambia ajikaze kwa A16.

Kwa simu iliyotumika, angalia Settings mstari wa Android security update. Ukikuta tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, bonyeza itafute apdeti mbele ya muuzaji. Isipopata kitu, punguza bei au iache.

Mbona boksi la iPhone halina RAM?

Apple hawaitangazi. Kwao angalia nafasi, kwa kuwa hazina sehemu ya memori kadi, na umri wa modeli. iPhone X ya 2017 iliachwa nje iOS 17 ilipotoka 2023.

Kuna jamaa stendi anauza simu ya 1TB kwa laki na nusu.

Irudishe mkononi mwake taratibu. Namba hizo huandikwa ndani ya mfumo wa simu feki, hata Settings itakuonesha 1TB. Ukiijaza picha kidogo tu, za mwanzo zinaanza kugoma kufunguka.