Nyumbani Wote Hawajambo

Boti ya usiku kutoka Goma ilifunga kamba Bukavu jua likichungulia juu ya vilima vya Rwanda, na mtu wa kwanza kushuka alikuwa mzee mmoja mzungu, mrefu, viatu vimelowa, kitabu kidogo amekibana kifuani kama mtu aliyebeba yai. Mimi nilikuwa nimeshapanga vikombe vya chai. Tantini alikuwa pembeni yangu kama kila siku, beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mbele yake, mkono mmoja ukifukuza nzi.

Mbebaji alimkimbilia. "Papa, nibebe valizi?"

Mzee alisimama wima, akavuta pumzi, akasema polepole, kila neno limenyooka: "Nyumbani wote hawajambo."

Mbebaji alishusha mikono. "Aksanti Mungu," alijibu, maana habari kama hiyo mtu huipokea kwanza. Kisha akafikiri. "Nyumbani kwa nani, papa?"

"Nyumbani wote hawajambo," alisema mzee, na kutabasamu kwa uso mzima.

Valizi ilibebwa hivyo hivyo. Kwenye meza ya kijana anayeandika majina ya wanaoshuka, aliulizwa atalala wapi. Alitoa jibu lile lile. Kijana alimtazama, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake, akaandika kwenye daftari, sehemu ya mahali pa kulala: nyumbani. Niliiona kwa macho yangu, nilikuwa nimempelekea chai.

Kilikuwa Kiswahili safi, kile tunachokiita cha Tanzania, kisichokuwa na "beko" wala "njo vile". Nadhani ndiyo maana kila mtu alimwamini. Mtu anayeongea hivyo, unajua anajua anachosema.

Akafika kwa Tantini. Sambaza walikuwa wabichi, wa usiku ule ule, bado waking'aa kama vijiko vilivyosuguliwa kwa majivu. Wavuvi huwavua gizani, taa zikining'inia juu ya maji, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na ukilala karibu na ziwa unawasikia wakiimba. Sambaza wenyewe walikuja wageni: waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Sasa muulize mtoto yeyote wa Bukavu, atakuambia ni samaki wa kwetu.

Mzee aliinama juu ya beseni, akanusa, akafurahi. Tantini akachukua sahani ya kupimia.

"Unatokea Idjwi, papa?" Aliuliza tu. Ni swali analomuuliza kila anayetoka upande wa maji, tangu wiki mbili.

"Nyumbani wote hawajambo."

Sahani ilibaki hewani. Maji ya samaki yalitiririka kwenye kiwiko cha Tantini, asiyapanguse.

Lazima nieleze. Koko, mama yake Tantini, anakaa kisiwani Idjwi, upande wa kusini, peke yake, mwenye miguu ya kuvimba na kichwa kigumu. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu siku kumi na nne. Tantini alikuwa anapiga asubuhi kabla ya kupanga samaki na usiku kabla ya kulala, na yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa anamjibu yale yale. Alishatuma salamu kwa watu watatu. Hakuna aliyerudi na neno.

"Umemuona Mama?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anakulaka?"

"Nyumbani wote hawajambo."

"Na miguu? Anatembea mupaka inje?"

Mzee aliona machozi, akaona kwamba kitu fulani hakiendi sawa, na tiba pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile. Aliirudia kwa upole mno, mkono kwenye moyo: "Nyumbani. Wote. Hawajambo."

Tantini alijaza sahani mpaka ikafanya mlima, akammwagia kwenye mfuko, akaongeza matabishi, ile nyongeza ya bure, kisha akaongeza matabishi juu ya matabishi. Mzee alipotoa pesa, aliusukuma mkono wake. "Mutu analeta habari ya mama yangu, nimulipishe samaki?"

Niliacha chai yangu. Nilimsalimia kwa Kifaransa, naye akashika Kifaransa changu kama mtu anayeshika ukingo wa boti. Chake kilikuwa cha kukwama, lakini tulielewana. Ametoka Ureno, alikuwa fundi wa saa, anapanda Kahuzi-Biega kuona sokwe. Idjwi aliiona gizani tu, taa chache upande wa kushoto. Alinionyesha kitabu: mvua ya Goma ilikinyeshea jana yake, kurasa zote zimegandana kuwa tofali moja, wino wa buluu umetambaa pembeni. Ukurasa mmoja tu ulifunguka, wa salamu, na humo mstari mmoja tu ulikuwa unasomeka. Aliukariri usiku kucha sitahani, kwa sababu hakutaka kuingia mji wa watu bila kuwa na neno lao hata moja.

"Unasema nini?" aliniuliza. "Mbona mama analia?"

Nilimwambia. Uso wake ulibadilika rangi. Alitaka kurudisha samaki, akafungua mfuko, akaufunga tena, hajui anarudisha nini.

Sasa ilibidi nimgeukie Tantini. Ningeweza kunyamaza, na kweli nilitamani. Alikuwa amekaa sawa kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi.

"Tantini, hatoki Idjwi. Anajua maneno hayo tu. Ni ya kitabu."

Alinitazama, akamtazama mzee. Alipangusa kiwiko kwa kitenge, taratibu, kwanza upande huu, kisha ule.

"Na kitabu kinasema ujibu hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi mutu aliulizwa kwanza." Alisimama. "Mufundishe swali."

Tukamfundisha pale pale, kati ya beseni na jiko la chai. Nyumbani hawajambo? Sauti ipande mwishoni. Mbebaji alisaidia, na yule kijana wa daftari akaja akalikosoa "hawajambo" letu. Mzee aliandika kwenye jalada la kitabu, herufi ndogo sana, za mtu aliyezoea vyuma vidogo.

Boti ya Idjwi iliingia kama saa mbili, imelemewa na mananasi. Tantini alimshika mzee mkono, akamtembeza mpaka kwenye mbao za kushukia. Sijui kwa nini hakuuliza mwenyewe. Nadhani alikuwa ameuliza mara nyingi, akachoka kusikia sauti yake.

Mwanamke wa kwanza alishuka na kikapu kichwani. Mzee akavua kofia.

"Nyumbani hawajambo?"

Mwanamke alisimama, akashangaa kidogo. "Kwa nani, papa?"

"Kwa Koko mwenye miguu ya kuvimba," alisema Tantini nyuma yake, "ile nyumba ya bati nyekundu, chini ya kanisa."

"Yule?" Mwanamke alishusha kikapu chini kwa kishindo. "Simu yake ilimuponyoka, ikaanguka mu maji. Haya mananasi njo yake. Jana jioni nimebembeleza mupaka giza, hakupunguza hata faranga mia moja. Akanifuata mupaka barabarani kuhesabu tena."

Tantini alichuchumaa. Alichagua nanasi moja katikati ya kikapu, akalinusa upande wa kikonyo, macho amefumba, kwa muda mrefu.

"Bei gani?" aliuliza.