Barua kwa wagonjwa wa kliniki ya presha na sukari Kihonda: mimi naondoka, matibabu yenu yanaendelea

Kihonda, Morogoro
3 Novemba 2025

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari zenu.

Nimeona niwaandikie mwenyewe kabla hamjasikia juu juu huko mtaani. Ijumaa tarehe 28 mwezi huu ndo siku yangu ya mwisho hapa kliniki. Naenda Muhimbili kusoma ubingwa wa magonjwa ya ndani, ni masomo ya miaka mitatu, kwa hiyo sio likizo na sitakuwa nakuja wikiendi kuona wagonjwa. Sijafukuzwa wala sijagombana na mtu, kliniki haifungwi, na kuwaacha kunaniuma kweli maana wengine nimewashika toka presha yenu inasoma 190 mpaka saivi tunaongelea 130.

Atakayewapokea ni Dokta Selemani. Anaanza Jumatatu tarehe 17 na wiki hizo mbili tutakaa naye chumba kimoja, kwa hiyo kama una tarehe kati ya hapo njoo tu, nitamwelezea hali yako wewe mwenyewe ukiwa umekaa pale unasikia, na kama kuna kitu nimekisahau unakisema. Siku za kliniki ni zile zile Jumanne na Alhamisi, hela ya kumuona daktari ni ile ile, wa bima mje na kadi zenu kama kawaida. Sista Rehema yupo, haendi popote.

Sasa hili ndo linaloninyima usingizi. Daktari akiondoka watu wanasema ngoja kwanza nimuone huyo mpya akoje, mwezi unapita, dawa zinaisha, mtu anajisikia mzima anaacha, halafu tunaletewa mgonjwa mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Presha haiumi jamani, ukijisikia vizuri haina maana umepona. Kwa hiyo amlodipini, losatani, metfomini na nyingine zote unameza vile vile, usipunguze na usiongeze, na wa insulini ndo kabisa, msiruke hata siku moja kwa sababu ya kusubiri daktari. Wote ambao dawa zao zingeisha Desemba nawaandikia cheti cha kuwafikisha mwisho wa Januari, mpitie dirishani kwa Sista kabla ya tarehe 28 mchukue. Wa Dakawa na Mikese hata mkimtuma mtoto sawa, ila aje na kadi yako ya kliniki.

Faili lako linabaki hapa hapa, siondoki nalo, na halisomwi na mtu yeyote ila wanaokutibu. Ukitaka kuhamia hospitali nyingine ni haki yako na hakuna atakayekununia, sema mapokezi uandikiwe rufaa na muhtasari wa vipimo vyako uende navyo. Siku ya kwanza kwa Dokta Selemani beba dawa zote unazotumia na makopo yake, hata za miti shamba, hata za kununua dukani za maumivu ya magoti, hizo hasa, maana nyingi zinapandisha presha na kuumiza figo na watu huwa hawazitaji. Ambaye hajapima figo mwaka huu, au hajaangaliwa macho na miguu, nimeshaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu, atakukumbusha.

Kina dada mnaotumia dawa za presha, ukihisi tu una mimba njoo wiki hiyo hiyo, usisubiri tarehe yako. Losatani na ndugu zake sio salama kwa mtoto tumboni, utabadilishiwa nyingine.

Ramadhani inategemewa katikati ya Februari. Wenye sukari mnaotaka kufunga muoneni Dokta Selemani Januari, dozi na saa za dawa zinapangwa upya na kuna ambao mtaambiwa msifunge, naomba mumsikilize kama mlivyokuwa mnanisikiliza mimi.

Ukiona mdomo umepinda, upande umekosa nguvu, ulimi mzito, kifua kinabana, au mgonjwa wa sukari amepoteza fahamu, usije kliniki na usinipigie, nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, usiku au mchana. Sukari ikishuka, jasho linatoka na unatetemeka ila bado unaweza kumeza, kunywa soda ya kawaida au maji ya sukari hapo hapo.

Baada ya tarehe 28 msinitumie majibu ya vipimo wasapu. Sio kiburi, ni kwamba sitakuwa na faili mbele yangu na kushauri kwa kukisia ni hatari kwako. Pigeni namba ya mapokezi iliyo nyuma ya kadi.

Ambaye hajui kusoma asomewe, na aliye jirani na mgonjwa wetu asiye na simu naomba amfikishie.

Nawashukuru sana kwa kuniamini na miili yenu.

Dokta Neema
Kliniki ya presha na sukari, Kihonda