Makosa ya hoja katika skripti zenu za milinganyo tofautishi

Moshi, Jumatatu jioni

Wanafunzi wangu wapendwa,

Nimemaliza kusoma skripti zenu zote mlizoskani. Hesabu za mkono ni nzuri. Kinachoniumiza ni hoja.

Kosa kubwa ni konstanti. Kutoka dy/dx = y, wengi mlipata ln|y| = x, mkaandika y = e^x, kisha mkabandika C mwishoni: y = e^x + C. Rudisheni jibu hilo kwenye mlinganyo. Upande wa kushoto unabaki e^x, wa kulia ni e^x + C. Haviwi sawa ila C ikiwa 0. Konstanti huzaliwa pale pale mnapointegreti, na ukiibeba tangu hapo inakuwa kizidisho: y = Ae^x. Ukaguzi huo ni mistari miwili tu, na karibu hakuna aliyeufanya.

La pili ni kugawanya kwa y bila kuuliza kama y inaweza kuwa sifuri. Katika dy/dx = y^2 yenye y(0) = 0, jibu ni y = 0, ndilo hilo mlilolitupa mstari wa kwanza.

Swali la chai inayopoa katika chumba cha nyuzi 22: dT/dt = k(T − 22), nanyi mkachukua k chanya. Chai ya nyuzi 80 ikazidi kupata moto mezani! Someni jibu lenu kama jambo linalotokea kweli.

Skani mchana, karibu na dirisha; penseli hafifu haionekani.

Alhamisi njooni na skripti zenu, tutazisahihisha pamoja.

Mwalimu wenu