Kona ya Kwanza

Hadi tunaipita Chalinze, mjomba alikuwa hajafungua mdomo. Alikaa na kikapu cha ukindu mapajani, chupa ya chai ndani, macho mbele kama mtu anayesubiri ishara. Mimi nilikuwa kwenye mia na ishirini. Nilitaka tulale Tabora siku hiyohiyo, kesho tuingie Ujiji, keshokutwa nigeuze. Ndani ya dashibodi kulikuwa na karatasi ya wakili ya kuuza nyumba ya bibi. Mama alishasaini kabla hatujatoka Temeke. Bado kaka yake.

Kabla ya Gairo tochi ikanidaka. Elfu thelathini. Nilirudi garini nikibamiza mlango.

"Treni ikizidisha mwendo kwenye kona haikuandikii faini," mjomba akasema. "Inalala ubavu."

Miaka 31 alikuwa dereva kwenye Reli ya Kati. Kwake nchi hii ni mstari mmoja wenye stesheni: Kilosa, Dodoma, Bahi, Saranda, Itigi. Kila barabara ilipokaribia reli alitaka tusimame. Dodoma nilikataa. Bahi nilikataa, nikajifanya sikusikia. Tulipokwisha kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa na Manyoni ikakaribia, aliniambia kwa upole kabisa, "Basi nishushe. Nitafika na treni."

Nilisimamisha gari nikiwa nimefura. Akavuka majani hadi relini, akachuchumaa kwa taabu ya magoti, akaweka kiganja juu ya chuma. Nilimfuata ili nimharakishe.

"Weka mkono," akasema.

Chuma kilikuwa cha moto. Halafu, chini ya ule umoto, nikahisi mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma. Hakukuwa na treni popote.

"Inakuja. Subiri."

Tulisubiri. Sikumbuki mara ya mwisho nilisubiri kitu bila simu mkononi. Ilikuwa treni ya mizigo, na ilipopita mjomba alivua kofia. Dereva akapiga honi, mrefu kisha mfupi. Sidhani kama walifahamiana.

Usiku ule Tabora, kwenye baraza la nyumba ya wageni, alinimiminia chai ya mwisho akaniambia jambo ambalo mama hajawahi kunisimulia. Siku mama alipoondoka Kigoma kuja kuolewa Dar, mjomba ndiye aliyekuwa kwenye kichwa cha treni. Saa ya kuondoka imefika, bendera ya kijani imepungwa, bibi akakumbuka kwamba kikapu cha mwanawe, chenye mawese na dagaa, kimebaki kwa jirani wa stesheni. Akaondoka mbio, mama mtu mzima, khanga ikimdondoka.

"Nilikaa. Mkuu wa stesheni ananipigia kelele, nami nimekaa. Dakika 9. Niliandikiwa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho." Akakigusa kile kikapu. "Ndiyo hiki. Mama yako alinipa nikirudishe, sikukirudisha."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeiona ile nyumba mara mbili tu maishani, na bei yake naijua hadi senti.

Asubuhi tulipita Urambo, mabani ya tumbaku yakitoa moshi pembeni, kisha Kaliua. Niliendesha themanini. Huko mbele barabara imenyooka na magari ni machache, ukiondoa mabasi. Nikaegesha chini ya mwembe.

"Mjomba, njoo huku."

"Mimi?"

"Miaka 31 umeendesha, hujawahi kukata kona kwa mkono wako."

Alicheka, mara ya kwanza tangu Temeke. Akazunguka gari, akakaa, akaushika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika bakuli lililojaa. Gari ni la otomatiki. Nilimwonyesha breki, nikamwonyesha mafuta. Tukaondoka kwa mwendo wa ishirini. Basi likatupita kwa honi, utingo akitoa kichwa dirishani kutushangaa. Nilinyamaza. Jasho lilimtoka mzee, lakini macho yake hayakuwa tena kwenye ishara yoyote.

"Ile karatasi," akasema bila kugeuka. "Niliiona Dodoma nikitafuta kitambaa. Nikifika nitasaini. Nyumba inavuja, na wewe una maisha yako. Sikutaka tu kuombwa mbiombio."

Nilifungua dashibodi, nikaitoa, nikaikunja mara nne, nikaitumbukiza chini kabisa ya kikapu, chini ya chupa.

"Kwanza tukaone panapovuja," nikasema.

Mbele barabara ilianza kupinda kushoto. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akanitazama kwa hofu ya mtoto.

"Nifanyeje?"

"Zungusha, mjomba. Taratibu. Gari litakufuata."

Akazungusha.