Ripoti ya Jaribio: Sabuni ya Kipande kwa Kostiki ya Viwango Viwili vya Ubora

Mahali: maabara ya kemia, Moshi. Muda: 6 Juni hadi 4 Julai 2025. Joto la chumba asubuhi: nyuzi 20 hadi 21 za Selsiasi.

Lengo

Kupima jinsi ubora wa kostiki soda (NaOH) unavyobadilisha sabuni wakati mafuta, maji na namna ya kukoroga ni vilevile. Kostiki nyingi inayouzwa mitaani imefunguliwa na kufungwa upya kwenye mifuko midogo. Ikikaa wazi hunyonya unyevu na hewa ya kaboni dioksaidi, na sehemu yake hugeuka kuwa kaboneti, ambayo haina nguvu ya kugeuza mafuta kuwa sabuni. Mizani haiwezi kuonyesha mabadiliko hayo.

Usalama: soma kabla ya kugusa chochote

Kostiki huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho ndani ya muda mfupi. Vaa miwani ya maabara inayoziba pembeni, glovu ndefu za mpira, mikono mirefu, aproni na viatu vilivyofunikwa. Fungua madirisha. Watoto wasiingie.

Daima mimina kostiki kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya kostiki: joto hukusanyika mahali pamoja na mchanganyiko huruka usoni. Tumia sufuria ya stili au ndoo ngumu ya plastiki inayostahimili joto. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu, isitumike kabisa: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka moto.

Chengachenga za kostiki zikidondokea ngozini, zipanguse kwanza zikiwa kavu, kisha vua nguo zilizoguswa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siki wala limao juu ya ngozi. Ikiingia jichoni, shika kope wazi, osha kwa maji safi bila kukoma kwa dakika 20 au zaidi, na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ikimezwa, mgonjwa asukutue mdomo, asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Hifadhi kostiki kwenye chombo cha plastiki kinachoziba vizuri, chenye maandishi HATARI, mbali na jikoni. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Hapa kwetu tahadhari hii ina uzito wa pekee, kwa sababu magadi ya kupikia ni ya kawaida majumbani na mtu anaweza kuifananisha na kostiki kwa macho. Magadi si kostiki, na hata kwenye sabuni haichukui nafasi yake.

Vifaa na hesabu

Kila chungu kilikuwa na gramu 1,000 za mafuta: nazi 300, mawese 300, alizeti 400. Kostiki safi inayohitajika kwa kila gramu ya mafuta ni takriban 0.183 kwa nazi, 0.141 kwa mawese na 0.134 kwa alizeti. Kwa hiyo:

54.9 + 42.3 + 53.6 = gramu 150.8

Tukapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na sabuni isikwaruze ngozi: gramu 143.3 za kostiki safi. Maji yalikuwa gramu 340 ya mvua yaliyochujwa, kwa kuwa maji magumu hufanya utando mweupe. Mizani ilisoma hadi gramu 0.1.

Kostiki zote mbili zilipimwa kwa bureti. Gramu 4.00 ziliyeyushwa kufikia lita 1, kaboneti ikatolewa kwa kloridi ya bariamu (ni sumu, usiimwage ovyo), kisha mililita 25 zikapimwa kwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M na fenolfthalini. Kostiki ya kopo lililofungwa ilichukua mililita 24.5, yaani usafi wa asilimia 98. Ile ya mfuko ilichukua 21.2, asilimia 84.8.

Chungu A: kostiki ya kopo, gramu 146.2.
Chungu B: kostiki ya mfuko, gramu 146.2, kana kwamba ni ileile.
Chungu C: kostiki ya mfuko, gramu 169.0, baada ya kusahihisha kwa usafi wake.

Utaratibu na yaliyoonekana

Kostiki ilipoingia majini, chungu A kilipanda kutoka nyuzi 21 hadi 84 ndani ya dakika tatu. Tuliipoza ndani ya beseni la maji mpaka 40. Mafuta nayo yaliyeyushwa yote na kushushwa hadi 40, ndipo kostiki ikamiminwa polepole na kukorogwa kwa mkono.

Hapa Juni inadanganya. Mafuta yakishuka chini ya nyuzi 30, mawese na nazi huanza kuganda, na mchanganyiko huonekana mzito kama uji ulioiva wakati usabunishaji haujaenda mbali. Ukimimina hapo, mafuta hujitenga juu ya kalibu usiku. Dawa yake ni kupasha polepole hadi 40 na kuendelea kukoroga. Uji wa kweli hubaki mzito ukipata joto.

A ilifikia uji kwa dakika 34, C kwa 41, B kwa 58. Zilimiminwa kwenye kalibu za mbao zilizotandikwa nailoni na kufunikwa blanketi. Baada ya saa 48, A na C zilikatika safi. B ilibonyea kwa kidole gumba na ilikatwa siku ya nne. C ilitoa unga mweupe juu na kingo zake zilimeguka kidogo, dalili ya kaboneti. Unga huo ulikwanguliwa kwa mikono yenye glovu.

Kiasi kilichopatikana

| Chungu | Malighafi (g) | Siku ya kukata (g) | Siku ya 28 (g) | Asilimia |
|---|---|---|---|---|
| A | 1,486 | 1,448 | 1,291 | 86.9 |
| B | 1,486 | 1,441 | 1,302 | 87.6 |
| C | 1,509 | 1,466 | 1,318 | 87.3 |

A ilitoa vipande 12 vya wastani wa gramu 108.

Kwa uzito peke yake, B ndiyo iliyoongoza, na ndiyo sabuni mbaya kuliko zote. Ilipata gramu 124 tu za kostiki halisi, kwa hiyo karibu asilimia 18 ya mafuta yalibaki mafuta. Povu lake lilikuwa dogo, liliacha mafuta kwenye beseni, na mafuta hayo yataanza kunuka mapema. Anayeuza kwa kilo anaweza kuiona kuwa ni faida.

Alikali iliyobaki ilipimwa kwa kuyeyusha gramu 1 ya sabuni katika mililita 10 za ethanoli ya asilimia 95, iliyopashwa kwenye maji ya moto mbali na moto wowote, pamoja na matone mawili ya fenolfthalini. Siku ya 3, C ilitoa waridi hafifu. Siku ya 28 hakuna iliyotoa rangi. Kuonja sabuni kwa ulimi, kama wengine wanavyofanya, hakukubaliki.

Uamuzi

Kostiki ya mfuko isitumike kwa sabuni ya kuogea bila kupimwa. Kuongeza kostiki kwa kukisia ni hatari zaidi kuliko kosa la B: kama mfuko ungekuwa na usafi wa asilimia 98, gramu 169 zingeacha takriban gramu 15 za kostiki isiyo na mafuta ya kuifanyia kazi, na sabuni hiyo ingeunguza ngozi. Vipande vya B vitatumika kufulia tu. C itakaa rafuni wiki mbili zaidi na kupimwa tena kabla ya kugawiwa.